Gia ya nyuma imegoma: ni kaseti au friwili?

Fundi akishindwa kufungua gia ya nyuma ya baiskeli, wa kwanza kulaumiwa ni kutu. Mkono mmoja umeshika spana, mwingine umeshika upapi wa cheni, lile bapa refu la chuma lenye kipande cha cheni mwishoni cha kuzuia meno yasizunguke. Anakaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na hakuna kinachosogea. Hapo ndipo anapoanza kutafuta bomba la kurefushia spana. Bomba hilo liwekwe chini kwanza, kwa sababu mara nyingi kutu haina hatia. Anachokifungua hakifunguki kwa njia hiyo, hata kama kingetoka dukani jana.

Gia za nyuma zimefungwa kwa namna mbili, na kwa macho zinafanana sana. Kaseti ni rundo la visahani vya meno lililovishwa kwenye ngoma iliyo sehemu ya habu yenyewe, na mbele yake kuna pete inayolibana lisichomoke. Mtambo wa tiki-tiki, yaani vikucha vinavyoliacha gurudumu liserereke usipopiga pedali, umo ndani ya ngoma hiyo. Friwili ni muundo wa zamani zaidi: meno, vikucha na gololi zake vyote viko pamoja katika kipande kimoja, na kipande hicho kimeskurubiwa kwenye habu. Baiskeli nyingi za mtumba za gia sita au saba zina friwili. Gia zikiwa nane au zaidi, mara nyingi ni kaseti, lakini idadi si kipimo cha kuaminika.

Kipimo cha kuaminika ni hiki. Toa gurudumu, kisha zungusha meno kinyumenyume, upande ule unaotoa mlio wa tiki-tiki. Tazama katikati, pale ambapo kifunguo huingia. Vijino vya ndani vikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Vikitulia na ekseli huku meno yakizunguka peke yake, hiyo ni friwili. Usikitegemee kifunguo kukuonya, maana vifunguo vya aina hizi mbili vimepishana kwa chini ya milimita moja.

Sasa tuone upapi unafanya nini. Kwenye kaseti, pete imeskurubiwa ndani ya ngoma. Ukiizungusha kinyume cha saa bila kuzuia chochote, ngoma nayo inafuata, kwa kuwa huo ndio upande wake wa kuserereka. Upapi unaivuta ngoma kwa mwendo wa saa, spana inaivuta pete kinyume chake, na nguvu zote mbili zinakutana kwenye uzi wa skurubu. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye friwili, kifunguo kinashika kiini chake cha ndani, na kiini hicho ndicho kilichoskurubiwa kwenye habu. Upapi ukiyavuta meno kwa mwendo wa saa, vikucha vinauma na kukisukuma kiini kilekile kwa mwendo wa saa. Spana nayo inakisukuma kinyume. Mikono yako miwili inashindana ndani ya kipande kimoja cha chuma, na uzi ulio kati ya friwili na habu hausikii lolote. Ukiongeza bomba, kitakachokubali ni cheni ya upapi, au vikucha, au vijino vya kifunguo.

Kwa hiyo ikiwa ni friwili, upapi urudi kwenye sanduku. Kinachopaswa kuzuiwa ni gurudumu lenyewe, na kwa nguvu ya kutosha, maana friwili hukazwa na miguu ya mwendeshaji. Chukua mtu wa kilo 70 anayepanda mlima akiwa amesimama juu ya pedali, mkono wa pedali una urefu wa sentimita 17, na meno ya mbele na ya nyuma yana idadi sawa. Anaikaza friwili kwa karibu Nm 117 kila pedali inapofika usawa wa ardhi. Pete ya kaseti haikazwi na pedali kabisa, na nyingi zimeandikwa 40 Nm usoni. Ndiyo maana friwili iliyopanda milima ya Lushoto kwa miaka huwa kama imechomelewa.

Spana ya sentimita 30 ingehitaji uisukume kwa uzito wa kama kilo 40 ili kuishinda nguvu hiyo, tena huku mtu mwingine amelishikilia gurudumu. Njia nyepesi ni jiliwa. Ondoa nati ya ekseli, kalisha kifunguo mpaka vijino vyake viingie kabisa, kisha rudisha nati ikibane kidogo kisiweze kuruka. Bana kichwa cha kifunguo kwenye jiliwa, gurudumu likiwa limelala juu yake, na meno yametazama chini. Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja kila upande, uzungushe kinyume cha saa kama dereva anayekata kona kushoto. Gurudumu la inchi 26 lina upana wa karibu sentimita 66, kwa hiyo kila mkono unabeba takriban kilo 18 tu. Litatoa mlio wa kupasuka unaoshtua. Simama hapohapo ulegeze nati ya ekseli, kwa kuwa friwili inapopanda inaisukuma nati hiyo, na ukiendelea utakata uzi wa ekseli.

Kaseti iliyoganda kwelikweli ipo pia, hasa mwambao, ambako chumvi hupata njia kati ya pete na ngoma. Bana kifunguo kwa ule ufito wa kufungia gurudumu, bila springi zake, kisihame. Simamisha gurudumu, meno yakikutazama. Upapi ushike kisahani kikubwa cha nyuma kidogo, mpini wake uelekee kulia. Spana ielekee kushoto. Hapo mikono yote inasukuma chini, na uzito wa mwili unasaidia. Bomba sasa linaruhusiwa: pete iliyoganda kwa Nm 100 inahitaji kilo 50 kwenye spana ya sentimita 20, lakini 17 tu kwenye bomba la sentimita 60. Ikigoma, laza gurudumu, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka pete, uyaache usiku mzima. Yawe matone, yasiwe mafuriko, maana yakifika kwenye gololi za ngoma yanaosha grisi. Pete ina vijino vidogo upande wake wa nyuma, hivyo mkwaruzo mkali inapoachia ni jambo la kawaida.

Inabaki friwili ambayo vijino vyake vimeliwa. Hiyo huvunjwa. Kifuniko chake cha mbele chenye vitundu viwili kina uzi wa kushoto, kwa hiyo hufunguliwa kwa mwendo wa saa, kwa ponchi na nyundo. Ganda la nje litatoka na gololi zitamwagika, kisha kiini kinachobaki kinabanwa moja kwa moja kwenye jiliwa na gurudumu linazungushwa kama mwanzo. Fanya yote haya spoki zikiwa bado zimo. Wapo wanaotaka kuiokoa habu kutoka kwenye rimu iliyopinda, wakakata spoki kwanza, na wakabaki na kihabu cha kushika kwa kiganja huku friwili ingali imekaza vilevile.