Anayehamia chuo cha Tanzania abadili alama za kila somo, si wastani

Na Mwandishi Wetu, Mchombe

Mwanafunzi kutoka kata ya Mchombe, wilayani Kilombero, aliyeanza shahada nchini Kenya na kukusudia kuimalizia Tanzania, hukutana na vipimo viwili tofauti. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hutaja wastani kwa asilimia, ilhali vyuo vingi vya Tanzania hutumia wastani wa pointi kati ya 0 na 5, ambapo daraja la pili la juu huanzia 3.5 na daraja la kwanza 4.4.

Kosa la kawaida ni kubadili wastani wote kwa mara moja. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyesoma masomo 12 ya krediti 10 kila moja, akapata alama 69 katika masomo manne na 58 katika manane. Wastani wake ni asilimia 61.7. Katika vyuo vinavyohesabu alama 60 hadi 69 kuwa B+, yenye pointi 4, na 50 hadi 59 kuwa B, yenye pointi 3, atadhani kuwa ana pointi 4.0.

Hesabu ya somo kwa somo hutoa jibu jingine. Masomo manne yana pointi 16 na manane yana 24, jumla 40. Ukigawa kwa 12 unapata 3.33. Herufi za zamani nazo zisinakiliwe, kwa kuwa alama 58 ni C katika vyuo vingi vya Kenya, lakini ni B katika kipimo hiki.

Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Ili kufikia 3.5, zinahitajika pointi 1,260, yaani 360 mara 3.5. Krediti 120 za awali zimeleta pointi 400, hivyo zimebaki 860 katika krediti 240, ambazo ni wastani wa 3.58. Katika masomo 24 yaliyobaki, B+ 14 na B 10 zinatosha.

Aliyejihesabia 4.0 angeona kuwa 3.25 inatosha. Akiipata hiyo, atamaliza na 3.28, ambayo huandikwa 3.2, na kuangukia daraja la pili la chini. Daraja la kwanza lingemtaka 4.93 katika masomo yote yaliyosalia, jambo gumu mno.

Hesabu hii inafaa pale tu ambapo chuo kipya kinaingiza alama za awali katika wastani wa mwisho. Iwapo kinapokea krediti bila alama, masomo mapya pekee ndiyo yatakayohesabiwa, na lengo litakuwa 3.5 kamili. Kwa hiyo, kabla ya kuthibitisha uhamisho, mwanafunzi aombe barua inayotaja krediti zilizokubaliwa, alama zake, na iwapo zitaingia katika wastani.