Utangulizi: Igizo Limekwisha, Je, Wamejifunza?

Anayeanza kusoma fani ya kufundisha kwa hadithi, igizo dhima na mchezo wa kuigiza hana haja ya kuanzia Ulaya. Aanzie Malya, wilayani Kwimba, jirani na Shinyanga. Huko, mwaka 1982 hadi 1983, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji kwa mpango ambao leo unaitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Walichunguza pamoja nao matatizo ya mahali pale, mimba za wasichana zikiwa mojawapo, wakatengeneza maonyesho kwa ngoma na sanaa ambazo watu walikuwa nazo tayari. Onyesho lilipokwisha, watazamaji hawakurudi nyumbani. Mjadala ulianza.

Mwaka 1996 chuo hichohicho kilianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walichambua vikwazo vyao na kuvitungia maigizo. Humo pia uchambuzi ulitangulia onyesho na mjadala ukalifuata. Nionavyo mimi, shule zetu nyingi zilirithi onyesho peke yake. Watoto huigiza, wenzao hucheka na kupiga makofi, kengele inalia, na andalio la somo linaandikwa kwamba lengo limefikiwa.

Ugumu wa fani hii hauko katika kuwafanya watoto waigize. Mtoto wa Kisukuma aliyekulia kwenye mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu hahitaji kufundishwa jinsi ya kushika hadhira. Ugumu ni kujua alichoondoka nacho. Tuchukue somo moja tulifuate mpaka mwisho.

Mwalimu wa darasa la sita anafundisha karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo, tuseme upande wa Rwamgasa, Geita. Mada yake ni zebaki. Watoto wanaijua kuliko vitabu vyao. Wameona mawe yakisagwa kwenye karasha, unga ukioshwa mwaloni, zebaki ikitiwa ili ishikane na dhahabu, kisha mchanganyiko ukikamuliwa kwenye kitambaa mpaka libaki donge dogo. Donge hilo huchomwa. Zebaki inageuka mvuke na kuondoka, dhahabu inabaki. Hatari kubwa kwa anayechoma, na kwa yeyote aliye karibu naye, ni kuvuta mvuke huo. Hauonekani wala haunuki, na mwenye kuuvuta kidogo kidogo huenda asihisi chochote kwa muda mrefu, mpaka mikono ianze kutetemeka na kumbukumbu ipungue.

Mwalimu anapanga igizo dhima. Mmoja ni mchomaji, mmoja mkewe, mmoja mtoto mchanga, mmoja mnunuzi wa dhahabu anayeharakisha kazi, na mmoja ni bibi afya. Hawapewi maneno ya kukariri. Kila mmoja anaambiwa anachokitaka na anachokijua, basi. Igizo linanoga. Mchomaji anawasha moto, anakohoa, anashika kifua, anaanguka. Darasa zima linacheka. Bibi afya anaingia, anakemea, anaeleza kwamba zebaki ni sumu. Ukiwauliza watoto mwishoni, "Je, zebaki ni hatari?" wote watajibu "Ndiyo!" kwa sauti moja.

Jibu hilo halina thamani, kwa sababu walikuwa nalo kabla ya kuingia darasani. Isitoshe, igizo limewafundisha kosa. Jukwaa linadai kila jambo lionekane, kwa hiyo mtoto alikohoa ili hadhira ielewe kwamba anaumia. Aliyetazama amejifunza kwamba zebaki humkohoza mtu, hivyo asiyekohoa yuko salama. Mwalimu hakusema hivyo popote, lakini ndivyo walivyoona kwa macho yao. Katika mada zote za sumu na magonjwa yasiyoonekana, hili ndilo kosa la kutazamia kwanza.

Ndiyo maana swali la kupima hutungwa kabla ya igizo, na hutungwa kutokana na kosa unalolitarajia. Liwe na hali ambayo haikuigizwa. Kwa mfano: "Shangazi anachoma donge chumbani jioni, mlango umefungwa. Hakuna moshi wala harufu, naye hakohoi. Mtoto wake amelala chumba cha pili. Je, mtoto yuko salama? Toa sababu." Kila mwanafunzi aandike peke yake, sentensi mbili, kwenye kipande cha karatasi. Kujibu kwa pamoja kunawaficha wasioelewa, na wenye sauti kubwa mara nyingi ni walewale waliopewa nafasi za kuigiza.

Katika darasa la watoto themanini mwalimu hawezi kusahihisha kila karatasi kwa alama, wala hana haja. Azigawe mafungu matatu kwa kuangalia sababu, asiangalie ndiyo au hapana. Fungu la kwanza ni la wanaotaja mvuke usioonekana unaosambaa ndani ya nyumba. La pili ni la waliosema mtoto hayuko salama "kwa sababu zebaki ni sumu", yaani jibu ni sahihi lakini sababu imekaririwa. La tatu ni la waliosema yuko salama kwa kuwa hapana moshi. Fungu la pili ndilo linalodanganya walimu wengi, maana kwa alama za kawaida wote wangepata vema.

Kuna tahadhari ya lugha hapa. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani anaweza kuelewa mvuke na akakosa maneno ya Kiswahili ya kuuandika. Karatasi yake itaangukia fungu la pili au la tatu bila haki. Mwalimu amwite, amwombe aonyeshe kwa mikono au aeleze kwa lugha anayoiweza. Ni kazi ya dakika moja, nayo hutenganisha tatizo la lugha na tatizo la sayansi.

Kisha igizo lirudiwe. Augusto Boal wa Brazili alieneza mtindo ambamo mtazamaji husimamisha mchezo, huchukua nafasi ya mhusika na kujaribu kutenda tofauti. Unatufaa sana. Mara hii mtoto mmoja aigize mvuke wenyewe: anatembea polepole kutoka kwenye moto, anapita chini ya mlango, anasimama kando ya kitanda cha mtoto, na hakuna mhusika anayeruhusiwa kumwona. Aliyeandika kwamba mtoto yuko salama aitwe, bila kutangazwa kosa lake, aingie kama mke na aamue afanye nini. Wengine watasema achukue mtoto watoke nje. Mwingine atasema donge lichomwe mbali na nyumba. Anayetaja chombo kilichofunikwa kinachokamata mvuke na kuupoza uwe zebaki tena ameelewa kwa kina, kwani anajua zebaki haikuteketea, bali ilihama.

Baada ya wiki moja au mbili uliza tena, kwa hali nyingine: paa la jiko ambamo donge lilichomwa, maji ya mvua yanayotiririka kutoka paa hilo, samaki wa kijito kilicho chini ya mialo. Wanaokumbuka mchezo watasimulia nani alianguka na nani alicheka. Wanaokumbuka somo watafuatilia zebaki inakokwenda.

Kitu kimoja kipimo hiki hakikigusi: iwapo mtoto atamwambia baba yake. Wazazi wengi hapo wanaishi kwa donge hilo, na mwalimu asimtume mtoto kwenda kuwasuta. Igizo la kuwafikishia wazazi ujumbe huo lina hadhira yake, nayo ni wazazi wenyewe uwanjani, wakiwa na nafasi ya kubisha, kama ilivyokuwa Malya.