Namba ya Simu Inapogawiwa Upya: Kwa Nini Msimbo wa Uthibitisho Hufika kwa Mtu Mwingine

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapotaka kuingia katika akaunti yake ya benki, barua pepe au mfumo wa huduma za Serikali, mara nyingi hutumiwa ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Tarakimu hizo ni msimbo wa uthibitisho, na kazi yake ni kuthibitisha kuwa anayeomba kuingia ndiye mwenye akaunti. Lakini mfumo unaotuma msimbo huo haumtambui mtu. Unachokijua ni namba ya simu iliyoandikwa siku akaunti ilipofunguliwa. Endapo namba hiyo imekwishagawiwa mtu mwingine, msimbo utakwenda kwa mtu huyo, na mwenye akaunti atabaki akisubiri ujumbe usiofika.

Ili kuelewa jinsi hali hii inavyotokea, ni vyema kwanza kufahamu kuwa namba ya simu si mali ya kudumu ya mteja. Namba ni rasilimali ya Taifa ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huitenga kwa makampuni ya simu kwa mafungu, na makampuni huigawa kwa wateja wao. Namba ya simu ya mkononi nchini ina tarakimu tisa baada ya 255. Tarakimu mbili za mwanzo hutambulisha fungu, hivyo husalia saba, na tarakimu saba haziwezi kutoa zaidi ya namba milioni 10 kwa kila fungu. Kwa sababu hiyo, namba ambayo mteja ameiacha haitupwi. Hufungwa, hupumzishwa kwa muda, kisha hurudishwa sokoni ndani ya laini mpya.

Utaratibu huo upo duniani kote. Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo imeelekeza kuwa namba iliyofungwa ipumzishwe kwa siku zisizopungua 45 kabla ya kupewa mteja mwingine. Nchini India, mdhibiti wa mawasiliano aliieleza Mahakama Kuu ya Juu mwezi Novemba 2023 kuwa namba iliyofungwa haigawiwi mteja mpya hadi zipite siku 90. Muda huo wa mapumziko huwapa watu nafasi ya kugundua kuwa namba waliyoizoea haipo tena. Hata hivyo, haufuti namba hiyo katika kumbukumbu za benki, waajiri na mitandao ya kijamii.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyenunua laini akiwa Mwanza mwaka 2016. Kwa namba hiyo alifungua barua pepe, akajisajili benki na kuanzisha akaunti ya mtandao wa kijamii. Baadaye alihamishiwa Tabora, ambako mtandao wa kampuni nyingine ulikuwa na nguvu zaidi, akanunua laini ya pili. Laini ya kwanza aliihifadhi kabatini. Hakuweka vocha, hakupiga simu wala kutuma ujumbe. Baada ya miezi kadhaa, kwa mujibu wa masharti ya huduma, kampuni iliifunga laini hiyo kwa kutotumika.

Siku laini inapofungwa, hakuna kinachobadilika katika kadi yenyewe. Mabadiliko hufanyika katika daftari la kielektroniki la kampuni, lile linaloonesha kila namba imefungamana na kadi ipi. Kufungwa kwa laini ni kukatwa kwa fungamano hilo. Ndiyo maana mwalimu akiirudisha kadi yake katika simu, kioo kitaonesha kuwa hakuna huduma, na kuweka vocha hakutaifufua.

Katika kipindi cha mapumziko, msimbo unaotumwa kwa namba hiyo hauna mahali pa kufikia. Hapa ndipo wananchi wengi hukosea katika kubaini tatizo. Kioo cha simu huandika kuwa msimbo umetumwa, kwa kuwa mfumo wa benki au wa barua pepe umekwishaukabidhi kwa mtandao wa simu. Mwalimu hubonyeza tena na tena akidhani mtandao ni dhaifu, hadi mfumo unapomzuia kwa muda kwa kuomba misimbo mingi. Dalili ya kuzingatia ni tarakimu za mwisho za namba zinazooneshwa kiooni. Zikiwa si za laini iliyomo ndani ya simu, kusubiri hakutasaidia.

Muda wa mapumziko ukiisha, namba ile hufungamanishwa na kadi mpya. Tuseme kijana wa bodaboda mjini Kahama ananunua laini hiyo, anasajiliwa kwa alama za vidole na namba yake ya Kitambulisho cha Taifa, na tangu hapo yeye ndiye mmiliki halali. Siku chache baadaye anapokea taarifa za benki ambayo hana akaunti, salamu za wazazi wa wanafunzi asiowajua, na misimbo ya uthibitisho ambayo hakuiomba. Hajafanya kosa lolote, ila funguo za mtu mwingine zinaletwa mlangoni kwake.

Ukubwa wa jambo hili ulipimwa mwaka 2021 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani. Walichunguza namba 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya na makampuni mawili ya simu, wakabaini kuwa namba 171, yaani takribani theluthi mbili, bado zilikuwa zimeunganishwa na akaunti za wamiliki wa zamani katika tovuti maarufu. Kwa akaunti inayomruhusu mtu kubadili nywila kwa msimbo wa ujumbe mfupi pekee, mwenye laini mpya anaweza kuingia bila kuijua nywila ya zamani.

Si kila akaunti iko katika hatari sawa. WhatsApp, kwa mfano, huhifadhi mazungumzo ndani ya simu ya mtumiaji, hivyo anayejisajili kwa namba hiyo katika simu nyingine hayaoni mazungumzo ya zamani, ingawa ataendelea kupokea ujumbe mpya kutoka kwa watu wasiojua kuwa namba imebadilika mmiliki. Iwapo mmiliki wa zamani aliweka namba ya siri ya hatua mbili na akaunti ilikuwa ikitumika hivi karibuni, mmiliki mpya anaweza kulazimika kusubiri siku saba kabla ya kujisajili. Barua pepe ni hatari zaidi, kwa kuwa anayeifungua anaweza kuitumia kubadili nywila za akaunti nyingine zote zilizofungamana nayo.

Kwa mwananchi aliye katika hali ya mwalimu huyu, hatua ya kwanza ni kubaini namba iko katika hatua gani. Apige *106# kwa laini ya mtandao husika na kufuata maelekezo ili kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya zamani isipoonekana, si yake tena. Pia anaweza kuipigia. Ikiwa haipatikani kabisa, afike mapema katika kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni akiwa na Kitambulisho cha Taifa na kuuliza kama inaweza kurejeshwa kabla haijagawiwa. Ikipokelewa na mtu mwingine, hana tena haki ya kuidai, na juhudi zake zielekezwe katika kuiondoa kwenye akaunti zake.

Aanze na benki, akifika tawini mwenyewe na kitambulisho, kwa kuwa benki humtambua mteja kwa nyaraka na haitegemei msimbo peke yake. Kisha ashughulikie barua pepe. Ikiwa bado iko wazi katika simu au kompyuta yoyote aliyowahi kuitumia, asitoke katika akaunti hiyo kwa sababu yoyote. Kifaa hicho ndicho njia iliyobaki ya kuingia katika mipangilio ya usalama, kufuta namba ya zamani na kuweka mpya. Wengi hupoteza akaunti zao kwa kutoka ili wajaribu kuingia upya, wakajikuta wanadaiwa msimbo unaokwenda kwa mtu mwingine. Barua pepe ikishakuwa salama, akaunti nyingine hufuata.

Kwa upande wa mmiliki mpya, lipo swali gumu. Kijana wa Kahama anaweza kupigiwa simu na mwalimu akimsihi kwa unyenyekevu amsomee msimbo ulioingia punde. Ombi hilo linaweza kuwa la kweli kabisa. Lakini matapeli hutumia maneno yaleyale, wakidai wamekosea namba, ilhali msimbo wanaoutaka ni wa akaunti ya huyo wanayempigia. Kwa sauti ya simu pekee hakuna njia ya kuwatofautisha. Hivyo jibu sahihi ni kukataa kwa heshima na kumwelekeza mpigaji aende benki au kwa mtoa huduma wake na kitambulisho. Kijana hatakiwi pia kuutumia msimbo huo kuingia katika akaunti isiyo yake, kwani kumiliki namba hakumpi haki juu ya akaunti ya mwenzake. Ujumbe wenye dalili za utapeli utumwe kwenda namba 15040.

Taasisi nazo zina sehemu yao. Tangu Novemba 2021, Marekani ina kanzidata ambayo makampuni huweza kuitumia kuuliza kama namba fulani imefungwa tangu tarehe waliyoipokea kwa mteja. Nchini India, Benki Kuu ilizielekeza benki mwezi Januari 2025 kutumia orodha ya namba zilizofutwa ili kusafisha kumbukumbu za wateja wao. Mfumo unaopata taarifa ya namna hiyo unaweza kusitisha kutuma misimbo kwa namba husika na kumtaka mteja ajitambulishe upya.

Kwa anayekusudia kubadili laini, kazi ifanyike wakati laini ya zamani ingali hai, kwa sababu mifumo mingi hutuma msimbo kwenye namba ya zamani kabla ya kukubali mpya. Aiache laini hiyo ndani ya simu, apitie jumbe zake na kuorodhesha kila taasisi iliyowahi kumtumia msimbo, kisha abadili namba katika kila moja. Kwa barua pepe, aweke pia njia isiyotegemea namba ya simu. Google, kwa mfano, humpa mtumiaji wa uthibitisho wa hatua mbili misimbo 10 ya akiba ya kuandika katika karatasi, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na vyeti. Laini ya zamani iachwe pale tu orodha itakapokuwa imekamilika.