Barua Pepe Kabla ya Jumatatu ya Kwanza

Mtu aliyekwisha kusaini mkataba na anaanza kazi Jumatatu huwa na maswali madogo anayoona haya kuyauliza: aingilie mlango upi, avae nini, abebe chakula au kuna mama lishe jirani. Barua pepe ya kumkaribisha huandikwa kwa ajili ya maswali hayo. Ile inayojaza historia ya kampuni humwacha pale pale alipokuwa.

Tuchukue ofisi ya Posta, Dar es Salaam, inayompokea karani wa uhasibu anayeishi Kimara. Msimamizi wake anaanza hivi: “Karibu sana kwetu, dada. Siku ya usaili ulituambia unapenda kulinganisha hesabu za benki. Utakaa karibu na kaka anayeshughulikia kazi hiyo, naye anakusubiri kwa hamu.” Ukarimu wote umo kwenye kumbukumbu ile ya usaili. Mgeni anaona mara moja kuwa barua imeandikiwa yeye.

Halafu saa, na hapa wengi hupotezana. Ukiandika “8:00” peke yake, mmoja ataelewa saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana. Andika “saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00 kwenye simu yako.” Wenzake wanaingia saa mbili, lakini mgeni aje saa moja baadaye, msimamizi akiwa amemaliza shughuli za asubuhi na ana nafasi ya kumpokea.

Njia nayo ielezwe hadi mlangoni: “Panda mwendokasi, shuka Posta ya Zamani. Mlinzi wa getini ana jina lako, mwonyeshe kitambulisho.” Ukiandika hivyo, jina lifike kweli kwa mlinzi Ijumaa. Kuzuiwa getini huku barua ya karibu iko mkononi kunaumiza kuliko kutokuandikiwa kabisa.

Kuhusu nyaraka, taja chache na sababu zake: kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya uanachama wa NSSF na akaunti ya benki, kwa kuwa mshahara na makato vinategemea hizo. Mwambie pia kipi kinaweza kusubiri. Anayeajiriwa mara ya kwanza huenda hana namba ya NSSF, na asipoambiwa kwamba mwajiri atamsajili, atalala na wasiwasi bure. Nakala azilete mkononi. Za vitambulisho na akaunti zisizagae kwenye barua pepe.

Itume Jumatano, kwa anwani yake binafsi, maana ile ya ofisi bado hajaifungua. Jumamosi ofisi nyingi za serikali zimefungwa, na aliyepoteza karatasi anahitaji walau siku mbili za kazi kuifuatilia. Mwishoni weka namba ya simu ya mtu mmoja atakayepokea Jumatatu asubuhi. Akikuandikia kuuliza avae nini, hilo ulilisahau. Liongeze kabla hujamwandikia mwingine.