Mwalimu, Milioni Mbili na Kanuni ya 72

Hadithi hii ni ya kubuni, lakini hesabu zake ni za kweli, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuzikagua.

Mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi mjini Morogoro amelipwa malimbikizo ya mshahara wake. Baada ya kulipa ada na kumaliza paa la nyumba, amebakiwa na shilingi 2,000,000. Ana umri wa miaka 50, na mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Anataka fedha hiyo ikae hadi siku hiyo. Benki inampa mipango miwili ya amana ya muda maalumu. Wa kwanza unalipa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Wa pili unalipa asilimia 9.

“Mwalimu, hapa hakuna la kufikiria sana,” anasema kijana wa dirishani. “Tisa ni kubwa kuliko nane.”

“Ni kweli, mwanangu. Lakini niambie, riba ya mwaka wa kwanza inakwenda wapi mwaka wa pili?”

Kijana anafungua karatasi zake na kusoma. Katika mpango wa asilimia 8, riba ya kila mwaka huunganishwa na mtaji, kisha mwaka unaofuata riba hukokotolewa juu ya jumla hiyo. Katika mpango wa asilimia 9, riba hukokotolewa juu ya zile milioni mbili za mwanzo tu, mwaka baada ya mwaka, na yote hulipwa mwishoni. Mwalimu anaomba karatasi tupu.

Anachotaka kujua ni kitu kimoja: fedha yake itachukua miaka mingapi kuwa maradufu? Kwa swali hilo kuna kanuni ya zamani sana. Mtawa na mwanahisabati wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venisi mwaka 1494. Chukua 72, gawanya kwa kiwango cha riba, na jibu ni miaka ambayo fedha itajizidisha mara mbili. Riba ikiwa asilimia 6, miaka 12. Ikiwa asilimia 12, miaka 6.

Hesabu kamili hutumia logi, na kwa riba ndogo sana namba inayofaa huwa karibu na 69 au 70. Ila 72 hugawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12, kwa hiyo mtu anaweza kuikokotoa kichwani akiwa amesimama kwenye foleni. Na kwa riba ya karibu asilimia 8 inalenga vizuri mno: kanuni inasema miaka 9, na hesabu kamili nayo inatoa miaka 9 na siku mbili tatu. Riba ikipanda sana, kanuni huanza kuwa na haraka. Kwa asilimia 24 inasema miaka 3, ilhali ukweli ni miaka 3 na kama miezi mitatu.

Mwalimu hagawanyi bado. Kwanza anaondoa kodi. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba ya benki, yaani katika kila shilingi 100 za riba, mweka akiba hupata 90. Asilimia 8 inakuwa 7.2, na asilimia 9 inakuwa 8.1. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wanagawanya kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo badala ya kile kitakachoingia mfukoni.

Sasa anagawanya. 72 kwa 7.2 ni 10. Miaka kumi kamili, sawasawa na muda uliobaki kabla hajastaafu.

Mpango wa pili hauhitaji kanuni hii, tena kuitumia ni kosa. Kanuni ya 72 inafanya kazi pale tu riba inapozaa riba. Angeitumia kwa asilimia 8.1 angepata karibu miaka 9, na angeondoka na mpango usio wake. Riba inayokokotolewa juu ya mtaji wa mwanzo pekee hutaka 100, si 72: 100 kwa 8.1 ni miaka 12 na takriban miezi minne.

Kijana anatazama karatasi kwa mashaka, kwa hiyo mwalimu anamwonyesha mwaka kwa mwaka. Mpango wa pili, baada ya kodi, unaingiza 162,000 kila mwaka, hazipandi wala hazishuki. Wa kwanza unaanza chini, 144,000. Mwaka wa pili unaingiza 154,368. Mwaka wa tatu unafika kama 165,480, na tayari umeupita mwenzake kwa riba ya mwaka huo. Mwisho wa mwaka wa kumi, mpango wa kwanza una takriban 4,008,000, na wa pili 3,620,000. Tofauti ni karibu shilingi 388,000.

“Basi huu wa pili haufai kabisa?” anauliza kijana.

“Unamfaa mwingine.”

Jibu hilo nalipenda, kwa sababu ni la kweli kihesabu. Mwisho wa mwaka wa nne, mpango wa pili bado unaongoza: 2,648,000 dhidi ya kama 2,641,000. Mwaka wa tano ndipo wa kwanza unapotangulia. Mzazi ambaye mwanawe anaingia chuo baada ya miaka mitatu angefanya vyema kuchukua ule wa asilimia 9. Kiwango cha riba peke yake hakimwambii mtu achague nini. Ni lazima kiende pamoja na tarehe atakayoihitaji fedha.

Kabla ya kutia saini, mwalimu anauliza kama kiwango kitabaki hivyo miaka yote kumi. Swali ni la msingi, kwa kuwa amana nyingi za aina hii huwekwa kwa mwaka mmoja na kuhuishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Kikishuka hadi 6 baada ya kodi, safari yote ingekuwa ya miaka 12. Anaandika pembeni kwamba atakagua kila anapohuisha.

Anaandika na jambo la pili. Kanuni hiyohiyo hupima bei za sokoni. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, 72 kwa 4 ni 18: baada ya miaka 18 kilo ya mchele itagharimu maradufu. Kwa hiyo uwezo wa fedha yake kununua vitu unakua kwa takriban asilimia 3.1 tu, na 72 kwa 3.1 ni kama miaka 23. Milioni nne za siku ya kustaafu hazitanunua kile ambacho milioni nne zinanunua leo. Anatia saini mpango wa kwanza akilijua hilo.

Msomaji mwenye deni aanzie hapohapo. Riba ikitajwa kwa mwezi, jibu la kanuni ni miezi. Mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi, ukiachwa bila kulipwa na riba ikaongezwa juu ya deni, huwa maradufu kwa miezi saba na siku chache. Hakuna amana ya benki inayokimbia hivyo. Lipa deni hilo kwanza, ndipo ufungue akaunti.