Dari Isiyotoa Jasho

Chukua kikombe cha bati, tia maji nusu, tumbukiza kipimajoto, kisha ongeza vipande vya barafu kimoja kimoja huku ukikoroga. Macho yako yawe kwenye bati, si kwenye maji. Ukifanya hivyo barazani Dar es Salaam mchana wa Machi, bati litaanza kushika ukungu maji yakiwa bado na nyuzi 24 au 25. Hapo ndipo mvuke uliomo hewani unapoanza kugeuka maji, na joto hilo huitwa kiwango cha umande. Anayetaka kupoza ofisi kwa maji yanayozunguka darini lazima aijue namba hiyo kabla ya nyingine zote.

Kiyoyozi tulichokizoea hufanya kazi mbili kwa pamoja. Koili yake ni baridi kuliko kiwango cha umande, hivyo hewa inayoipitia hupoa na papo hapo huacha maji. Ule mpira unaotona nje ya ukuta ndio ushahidi. Dari ya maji baridi hutenganisha kazi hizo: maji huondoa joto, na hewa iliyokaushwa kwenye mtambo mwingine huondoa unyevu. Kwa kuwa maji hayo yana nyuzi 16 hivi, badala ya zile 6 au 7 za mifumo ya kawaida, mashine ya kuyapoza haihangaiki sana na hula umeme kidogo zaidi.

Vifaa vyenyewe viko vya aina mbili kubwa. Paneli ni bamba la chuma lenye mabomba mgongoni. Joto la miili, kompyuta na kuta huliendea lenyewe, kama vile ukuta wa mawe mnene unavyokupunguzia joto ukiketi karibu nao. Boriti baridi ni sanduku refu lenye koili ndani. Hewa kavu hupulizwa humo kupitia matundu madogo, na mpulizo huo huivuta hewa ya chumba ipite kwenye koili. Chini ya vyote viwili hakuna sinia la kukinga maji wala bomba la kuyatoa. Tone likijitokeza, njia yake ni moja tu: kichwani kwa karani.

Wengi husema kwa sababu hiyo kwamba jambo hili haliwezekani kwenye nchi za joto na unyevu. Lakini uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, uliofunguliwa mwaka 2006, umepozwa kwa maji yanayopita sakafuni, na hewa ya Bangkok haina ukavu wa kuizidi ya kwetu. Siri ni kukausha hewa kwanza, na kuikausha vya kutosha.

Tupige hesabu ya ofisi moja ya Dar es Salaam: sakafu ya mita za mraba 200, dari ya mita 2.8, wafanyakazi 20. Tunataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50. Hewa ya namna hiyo ina kiwango cha umande cha nyuzi 14 hivi, na kila kilo yake imebeba karibu gramu 10 za mvuke. Hewa ya nje imebeba gramu 19. Kila mtu aliyeketi akifanya kazi hutoa gramu 80 hivi za mvuke kwa saa, kwa pumzi na jasho, kwa hiyo watu 20 ni kilo 1.6. Hewa ya nje inayopenya kwenye nyufa za milango na madirisha, hata jengo likiwa limezibwa vizuri, inaweza kuongeza zaidi ya nusu kilo.

Mzigo huo wote wa maji lazima ubebwe na hewa kavu peke yake. Tukiingiza lita 15 kwa sekunde kwa kila mtu, yaani lita 300 kwa sakafu nzima, hewa hiyo inapaswa kuja na gramu 8 tu za mvuke kwa kilo. Maana yake, mtambo uikaushe hadi kiwango chake cha umande kishuke nyuzi 11. Maji yatakayotolewa humo ni kama lita 14 kila saa. Katika siku ya saa 10 za kazi ni ndoo saba za lita 20, na zote zimetoka angani. Mwenye jengo akipewa bei nzuri ya paneli lakini haoni mtambo wa kukausha hewa kwenye makadirio, ajue ndoo hizo saba zitatafuta pa kwenda.

Umande ukishadhibitiwa, uchaguzi wa kifaa unakuwa mwepesi. Tuseme jua, watu, taa na kompyuta vinaleta wati 70 kwa kila mita ya mraba, yaani kilowati 14. Hewa kavu, kwa kuwa inaingia ikiwa baridi, hubeba kilowati 4 na ushei. Zinazobaki, karibu 10, ni za maji. Paneli, kwa maji yanayoingia na nyuzi 16 na kutoka na 18 na nusu, huondoa wati 60 hivi kwa mita ya mraba. Zingehitajika zaidi ya mita 160 za paneli kwenye dari ya mita 200, na taa nazo zinadai nafasi yake. Boriti 20 za mita 2.4, kila moja ikiondoa wati 500 kwa maji na kupitisha lita 15 za hewa, zinatosha. Ila madirisha yakiwekewa vivuli vya nje na mzigo ukashuka hadi wati 50, nusu ya dari tu itatosha kwa paneli, nazo hazina hata mvumo wa hewa.

Maji ya nyuzi 16 yako juu ya umande wa chumba kwa nyuzi 2. Hiyo ndiyo akiba yote tuliyonayo, na huliwa upesi. Kihisi cha unyevu kinachosoma asilimia 50 wakati ukweli ni 53 kimekula karibu nyuzi nzima. Ndiyo maana vihisi hupimwa upya kila mwaka, na huwekwa penye hatari: karibu na mlango unaofunguliwa mara kwa mara na kwenye chumba cha mikutano. Umande ukipanda, mfumo nao uyapandishe maji, nyuzi kwa nyuzi. Yakifika 17 na nusu, nguvu ya kupoza hupungua karibu sehemu moja ya tano. Watu watalalamikia joto kidogo, lakini dari itabaki kavu. Dirisha likifunguliwa, swichi yake ifunge vali ya maji ya eneo lile.

Fundi akitafuta dalili za kwanza asiangalie katikati ya paneli. Aguse bomba la maji yanayoingia, pale penye vali, kwa kuwa ndipo penye ubaridi mkali kuliko kwingine. Unyevu huanzia pale, hasa kifuniko cha kuzuia joto kikiwa kimeachwa na mwanya, siku nyingi kabla doa halijaonekana kwenye jipsamu.

Saa ya hatari kuliko zote ni Jumatatu asubuhi. Mitambo imelala siku mbili, na hewa ya ndani imekuwa sawa na ya nje. Hapo hewa kavu hutangulia peke yake, na maji hubaki yamefungwa. Kwa ofisi yetu hesabu inatoa saa moja, lakini zulia, makaratasi na viti vya kitambaa navyo vimekunywa mvuke na vitaurudisha, kwa hiyo ziwe mbili. Wafanyakazi wanaoingia saa 2 wanahitaji mtambo uliowashwa saa 12 alfajiri. Na fundi asiyekiamini kihisi chake ana kikombe cha bati: akiteke maji ya nyuzi 16, akisimamishe mezani dakika chache, akipanguse kwa kidole. Kidole kikitoka kikavu, afungue vali.