Picha iko hai, lakini je, imerekodiwa? Namna ya kutafuta mapengo kwenye faili za kamera

Hapa Matondoni, kamera za usalama zimekuwa jambo la kawaida kwenye maduka na stoo. Mwenye nazo huangalia skrini, akaona viboksi vinne vyenye picha, akaridhika. Lakini picha ya skrini huonyesha kinachotokea sasa hivi tu. Haisemi kama jana usiku rekoda iliandika chochote kwenye diski. Hilo husemwa na faili zenyewe, na kuzisoma hakuhitaji fundi kutoka Mombasa.

Naeleza kwa kutumia kisa nilichoitwa kukitazama Septemba 2025. Stoo moja ya wavuvi iliibiwa mashine ya boti. Kamera zilikuwa nne: ya kwanza mlangoni, ya pili ndani, ya tatu upande wa pwani zinakofungwa boti, ya nne kwenye uchochoro. Picha za kamera ya tatu zilikatika usiku ule ule wa wizi, na wenye stoo walikwisha kuamua kuwa mlinzi ndiye aliyeizima. Mzee mmoja aliomba kwanza faili zitazamwe, ndipo mtu afukuzwe kazi.

Rekoda yao ni kompyuta ndogo inayohifadhi kila kamera kwenye folda yake, na kila nusu saa inafunga faili na kufungua nyingine. Jina la faili ni saa ya kuanza, kwa mfano `kam3_2025-09-16_18-00-00.mp4`. Kabla ya yote nilihakikisha kwamba imepangwa kurekodi mfululizo. Ikiwa imepangwa kurekodi pale tu kitu kinapotikisika, mapengo yatajaa na hayatakuwa na maana yoyote, kwa sababu kimya na hitilafu vitafanana.

Wengi huanza kwa kuhesabu. Siku nzima ina nusu saa 48, basi kila kamera iwe na faili 48, na kamera nne ziwe na 192. Hesabu hiyo hudanganya. Kamera ikikatika na kurudi, rekoda hufungua faili mpya, kwa hiyo kamera mbovu huwa na faili nyingi kuliko nzima. Siku ile kamera ya tatu ilikuwa na faili zaidi ya hamsini, na aliyetazama idadi peke yake angesema imefanya kazi kupita wenzake.

Kinachotakiwa ni kulinganisha mwisho wa faili moja na mwanzo wa ile inayofuata. Mwanzo unao kwenye jina. Mwisho unaupata kwa kujumlisha mwanzo na urefu wa video. Urefu huo hutolewa na programu ya bure iitwayo `ffprobe`, kwa mstari huu:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 kam3_2025-09-16_18-00-00.mp4
```

Jibu lilikuwa sekunde 1622, yaani dakika 27 na sekunde 2. Faili ilianza 18:00:00, kwa hiyo iliisha 18:27:02. Faili iliyofuata ilianza 18:29:10. Hapo pana pengo la dakika 2 na sekunde 8. Hiyo ya pili ilikuwa na sekunde 1384, ikaisha 18:52:14, na ya tatu ikaanza 18:54:20. Pengo jingine, dakika 2 na sekunde 6. Sekunde moja au mbili kati ya faili na faili ni za kawaida, rekoda inapofunga moja na kufungua nyingine. Mimi hupuuza chochote chini ya sekunde kumi, na kila kilichozidi hapo nakiandika.

Nikaendelea hivyo hadi alfajiri. Faili moja iliisha 01:47:30, na iliyofuata ikaanza 04:58:12. Saa tatu, dakika kumi na sekunde 42 hazimo. Katika faili ya kabla yake mashine ya boti inaonekana mahali pake. Katika faili ya baadaye haipo.

Hapa tahadhari moja kwa sisi watu wa pwani. Rekoda huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia magharibi. Hiyo 01:47 ni saa saba na dakika 47 usiku, na 04:58 ni saa kumi na moja kasoro dakika mbili alfajiri. Hata tarehe inapishana: kwa rekoda siku hubadilika 00:00, na mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao takriban nusu ya faili zake zimeandikwa tarehe ya Alhamisi. Kabla ya kumhoji mtu, kubalianeni kwanza ni usiku wa kuamkia siku gani.

Pengo moja kubwa usiku wa wizi lilionekana kumkaba mlinzi. Lakini pengo moja halisemi lilisababishwa na nini. Sababu hujulikana kwa kuyapanga mapengo ya kamera zote kwa siku nyingi, kisha kutazama mpangilio wake. Diski ya stoo ile huhifadhi takriban wiki tatu, basi nikarudi nyuma mpaka mwisho wa Agosti.

Kwanza nilitafuta mapengo yanayogusa kamera zote nne kwa wakati mmoja. Lilikuwapo moja tu, jioni ya tarehe 12, la dakika arobaini na kitu. Majirani waliikumbuka: stima ilipotea mtaa mzima. Pengo la kamera zote pamoja hutokana na kitu wanachoshirikiana, yaani umeme, rekoda au diski. Stima inapokatika ghafla huwa kuna dalili nyingine pia: faili ya mwisho ya kila kamera haifunguki, na `ffprobe` huandika `moov atom not found`. Rekoda haikupata nafasi ya kuifunga. Usiifute, kwani wakati mwingine huokolewa, lakini kwenye hesabu yako iandike kuwa pengo.

Kisha nikaitazama kamera ya tatu peke yake. Hadi tarehe 1 Septemba haikuwa na pengo hata moja. Kuanzia tarehe 2, kila siku ilikuwa nzima mchana, na kila jioni baada ya jua kuzama ikaanza kukatika kwa dakika mbili mbili. Usiku wa tarehe 9 na wa tarehe 11 ilizimika zaidi ya saa mbili kila mara. Mlinzi hulala kwake usiku wa kuamkia Jumamosi, na hata usiku huo, tarehe 5 na tarehe 12, mapengo yalikuwako kama kawaida. Mtu ambaye hayupo hawezi kuzima kamera.

Kwa nini usiku tu? Kamera hizi zina taa za miale isiyoonekana kwa macho, ambazo hujiwasha giza likiingia, na zikiwaka kamera huvuta umeme zaidi. Adapta ya kamera ile ilikuwa ndani ya stoo, na waya wake mrefu ulipita nje hadi pwani. Kwenye kiungio cha mwisho, chumvi ya bahari ilikuwa imekula shaba mpaka ikawa kijani. Mchana umeme kidogo uliopita ulitosha. Usiku haukutosha: kamera ilizimika, ikawaka tena, ikachukua kama dakika mbili kurudi kurekodi, na wakati mwingine ikakwama moja kwa moja. Kiungio kilikatwa, kikafungwa kipya ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, na adapta ikasogezwa karibu. Usiku ule ule mapengo yakakoma.

Mlinzi amebaki kazini. Aliyechukua mashine hajulikani, kwa sababu faili hazina picha ya saa zile, na hesabu haiwezi kuleta picha ambayo haikuandikwa. Ilichoweza ni kuondoa tuhuma isiyo na mguu.

Upo mpangilio wa tatu, ambao haufanani na hiyo miwili. Juni 2025, baada ya Albert Ojwang kufariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Kati cha Nairobi, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliiambia Seneti kuwa mfumo wa kamera wa kituo ulichezewa na diski zikafomatiwa. Diski iliyofomatiwa haionyeshi pengo katikati. Ukiitazama, kamera zote huanza dakika moja, na nyuma ya hapo hakuna kitu. Kwa hiyo andika mahali faili kongwe kabisa ni ya tarehe gani. Rekoda iliyozoea kurudi nyuma wiki tatu ikirudi siku mbili tu, jambo limetokea kwenye diski, na inafaa kuulizwa nani aliigusa.

Njia hii ina mipaka miwili. Wa kwanza ni saa ya rekoda. Betri ndogo ya ndani ikifa, stima ikikatika saa hurudi miaka ya nyuma, na faili za leo hukaa mwanzo wa orodha kama za zamani. Saa ikisogezwa mbele utaona pengo ambalo si pengo, na ikirudishwa nyuma utaona faili mbili zinapandana, ya pili ikianza kabla ya ya kwanza kuisha. Kupandana hakusababishwi na kamera, basi ukikuona, angalia saa kabla ya kumshuku mtu.

Wa pili ni kwamba faili isiyo na pengo yaweza kuwa tupu. Baadhi ya rekoda huendelea kuandika weusi hata waya wa kamera ukichomoka. Dawa yake ni ukubwa wa faili: za nusu saa za kamera moja, wakati mmoja wa siku, hukaribiana, na yenye weusi mtupu huwa ndogo mno. Ukiona iliyopungua ghafla, ifungue uitazame.

Kama rekoda yako ni ile ya boksi isiyoonyesha faili, fungua sehemu ya kucheza picha za nyuma. Kila kamera ina mstari wa rangi unaoonyesha saa 24, na palipokatika rangi pana pengo. Lakini katika mstari wa siku nzima, dakika mbili ni nyembamba kama uzi, na mapengo ya kamera ya tatu yasingeonekana. Ukuze mstari mpaka uonyeshe saa moja moja, uanzie magharibi, na uzipange kamera zote juu na chini ili uone kama zimekatika pamoja au moja peke yake. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, kabla diski haijafuta siku za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Pengo la jana lililojulikana leo ni kazi ya kubadilisha kiungio. Likijulikana baada ya wizi, atatafutwa mtu wa kulibeba.